Ufa Uko Saa Ngapi?

Katika vituo vya umeme wa gesi kama vile Ubungo na Kinyerezi, Dar es Salaam, turbini haifunguliwi kila inapotiliwa shaka. Huachwa ipoe, kisha fundi hupenyeza boroskopu, yaani kamera nyembamba yenye shingo inayopindika, kwenye tundu la ukaguzi. Akikagua bledi, mwenzake huzungusha mhimili polepole ili zipite mbele ya lenzi moja baada ya nyingine. Yanayoonekana huandikwa kwenye ripoti, mara nyingi kwa Kiingereza.

Mfasiri wa ripoti hiyo anaweza kuteleza mahali panapoonekana rahisi kuliko pote: saa.

Tuseme mkaguzi ameona ufa kwenye ukuta wa chumba cha mwako. Katika turbini zilizotokana na injini za ndege, chumba hicho aghalabu ni pete inayozunguka mhimili. Pete haina mwanzo wala mwisho, hivyo mahali hutajwa kwa uso wa saa, na ufa huu uko penye 3. Mfasiri akiandika “saa tatu” amepotosha, kwa sababu saa tatu ya Mswahili mshale mfupi uko kwenye 9, na fundi atakwenda kutafuta upande wa pili kabisa. Akiandika “saa tisa”, aliyezoea ripoti za Kiingereza atapotea vilevile. Salama ni kuandika “penye tarakimu 3 ya uso wa saa”.

Hata hivyo haitoshi. Kulia kwa aliyesimama nyuma ya mashine ni kushoto kwa aliyesimama mbele yake. Ripoti nyingi huweka herufi ALF, maana yake mkaguzi anatazama kutoka nyuma kuelekea mbele. Herufi hizo zikiachwa, tarakimu 3 haimwambii fundi lolote.

Kisha kuna ukomo. Chukulia kwamba mwongozo unaruhusu ufa usiozidi robo inchi, mradi usikutane na ufa mwingine. Robo inchi ni milimita 6.35, anayeandika 6.4 ameongeza ukomo bila idhini ya mtengenezaji. Lile sharti nalo likae sentensi moja na kipimo, maana nyufa mbili zikikutana kipande cha chuma kinaweza kung'oka, kikachukuliwa na gesi ya moto hadi kwenye bledi za turbini.

Mtego mwingine uko kwenye joto. Agizo likisema vipimajoto vya moshi visipishane kwa zaidi ya nyuzi 50 za Farenhaiti, mfasiri mwenye haraka hutoa 32 kwanza na kupata nyuzi 10 za Selsiasi. Lakini hii ni tofauti ya joto, si joto lenyewe, kwa hiyo 32 haitolewi: jibu ni takriban 28. Kwa ukomo wa 10, zamu ya usiku itazima mashine isiyo na hitilafu. Ndiyo maana tarakimu ya asili inapaswa kubaki kando ya ile iliyogeuzwa, mhandisi aikague mwenyewe kabla ya kusaini.