Dondakoo: Utando wa Kooni na Sumu Isiyoonekana

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 4 katika kijiji kilicho jirani na Igowole, wilayani Mufindi. Ni majira ya baridi, na mafua yameingia karibu kila nyumba. Mtoto analalamika koo, hataki kula, na mwili una joto kidogo tu. Siku ya tatu sauti yake inakwaruza na shingo imevimba chini ya taya. Mhudumu wa kituo cha afya anapomulika kooni, anaona utando wa kijivu uliofunika tezi za pande zote mbili na kuanza kupanda juu ya kimeo.

Utando huo ndio alama kuu ya dondakoo. Katika ugonjwa wa kawaida wa mafindofindo, usaha huwa mweupe au wa manjano, hukaa kwa madoadoa juu ya tezi na hufutika kwa urahisi. Utando wa dondakoo umeshikamana na nyama iliyo chini yake, na ukibanduliwa damu hutoka. Umeundwa na seli za koo zilizouawa na sumu ya bakteria, pamoja na majimaji ya damu yaliyoganda, chembe nyeupe za damu na bakteria wenyewe. Ndiyo maana joto la mwili si kipimo kizuri cha hatari: mtoto anaweza kuwa na homa ndogo huku koo lake likizidi kufunikwa.

Hatari ya kwanza ni kuzibwa kwa njia ya hewa. Utando unaweza kushuka hadi kwenye zoloto, mahali ambapo njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba sana. Dalili zake ni mkoromo mkali anapovuta hewa, mbavu zinazobonyea ndani na mate yanayodondoka kwa kushindwa kumeza. Mtoto wa namna hiyo aachwe aketi kama anavyopenda, wala koo lake lisichokonolewe. Kumpeleka akakatwe kimeo, kama inavyofanyika bado katika baadhi ya jamii zetu, kunaongeza damu na uvimbe mahali palipokwisha kuwa finyu, na kunapoteza saa zenye thamani. Hospitalini, daktari hupitisha mrija wa hewa au, ikibidi, hutoboa koo kwa mbele ili mgonjwa apumue.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Sumu huingia katika damu na kufika kwenye moyo na mishipa ya fahamu, ambako huzuia seli kutengeneza protini. Mara nyingi moyo huathirika katika wiki ya kwanza au ya pili, wakati koo limeanza kupona na wazazi wameanza kutulia. Baadaye mtoto anaweza kuongea kwa puani, kupaliwa na maji au kulegea miguu.

Tiba mahususi ni kingasumu, dawa inayotokana na damu ya farasi waliochanjwa. Hunasa sumu ambayo bado inaelea katika damu, lakini haiwezi kuiondoa sumu iliyokwisha kuingia ndani ya seli. Kwa hiyo daktari akishuku dondakoo hangoji majibu ya maabara. Huchukua sampuli ya koo, kisha huanza tiba. Kipimo hufuata ukubwa na muda wa ugonjwa, si uzito wa mtoto: ugonjwa wa koo wa siku mbili huhitaji yuniti 20,000 hadi 40,000, na uliokwisha kuenea au kuvimbisha shingo huhitaji 80,000 au zaidi. Kwa kuwa mwili unaweza kuikataa kwa ghafla, mgonjwa hupimwa kwanza kwa kiasi kidogo, na adrenalini huwekwa tayari. Penisilini au erithromaisini hutolewa kwa siku 14 ili kuua bakteria, lakini haiigusi sumu iliyokwisha kutoka.

Hapa ndipo umbali unapokuwa sehemu ya ugonjwa. Watengenezaji wa kingasumu duniani ni wachache, na dawa hiyo haikai katika kila kituo. Mtoto wetu huenda akapelekwa Mafinga, kisha Iringa au Mbeya, na kila saa ya safari sumu inaendelea kuingia katika seli. Hata kwa tiba, dondakoo huua takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hadi 20.

Chanjo hulimaliza tatizo hilo la muda. Humpa mtoto sumu iliyokwisha kuvunjwa makali, na mwili wake hujitengenezea kingasumu yake mwenyewe, ikawa tayari katika damu kabla bakteria hajafika. Nchini kwetu kinga hiyo imo katika chanjo ya pentavalenti, inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haimzuii kila mtu kubeba bakteria kooni, na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Ndiyo sababu dondakoo hurudi pale uchanjaji unapolegea. Katika nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovyeti, miaka ya 1990 iliona wagonjwa zaidi ya 150,000, wakiwemo watu wazima wengi ambao kinga yao ya utotoni ilikuwa imefifia.

Mama wa mtoto wetu ataulizwa kadi ya kliniki. Wanaoishi naye nyumbani watapewa dawa ya kuua bakteria, watachunguzwa makoo kila siku kwa wiki nzima, na dozi zao za chanjo zilizosahaulika zitakamilishwa. Kadi yenye nafasi tupu ya wiki ya 14 bado inaweza kujazwa leo, hata kama mtoto ameshatimiza mwaka.