Alama ya X Imepotea kwa Macho ya Nani?

Wanafunzi wengi wa sekondari Kenya na Tanzania hulifahamu jaribio hili. Bika huwekwa juu ya karatasi yenye alama ya X, humo mna mmumunyo wa thaiosalfeti ya sodiamu. Asidi hidrokloriki inapomiminwa, stopwochi huanza. Mmenyuko huzaa chembe ndogondogo za salfa zisizoyeyuka, na mmumunyo hubadilika polepole kuwa na rangi ya maziwa yenye umanjano. Mwanafunzi anayetazama kutoka juu husimamisha saa pale X isipoonekana tena.

Tatizo ni kwamba X haizimiki ghafla kama taa. Kwanza kingo zake hufifia, kisha hubaki kivuli, halafu mtu huanza kujiuliza kama bado anaiona au anaikumbuka tu. Mmoja husimamisha saa kwenye kivuli, mwingine husubiri mpaka kivuli nacho kitoweke.

Tuseme wawili wanatazama bika moja. Kwa thaiosalfeti kali, wa kwanza anapata sekunde 20 na wa pili 24. Ikizimuliwa kwa maji hadi moja ya tano ya ukali wake, wa kwanza anapata 100 na wa pili 120. Namba zao hazilingani, lakini gawanya: 100 kwa 20 ni 5, na 120 kwa 24 pia ni 5. Wote wawili wameona kwamba mkolezo ukipungua mara tano, kasi nayo hupungua mara tano. Ni kwa sababu kila mmoja anasubiri kiasi chake kilekile cha salfa, kiwe kidogo au kikubwa.

Sasa wapokezane: wa kwanza apime bika kali, wa pili iliyozimuliwa. Tunapata 20 na 120, yaani mara sita. Kosa hilo halikutokana na kemia. Limezaliwa na kubadilisha macho katikati ya kazi. Matokeo yaleyale huja wingu likifunika dirisha, X ikichorwa upya kwa wino mzito zaidi, au bika nyembamba ikitumika badala ya pana, kwani kina cha mmumunyo kikiongezeka salfa kidogo tu hutosha kuficha alama. Ndiyo maana maji huongezwa ili ujazo wa jumla usibadilike.

Anayetaka kuliondoa jicho anaweza kuweka taa upande mmoja na kipima mwanga upande wa pili, kisha asimamishe saa mwanga unaposhuka hadi nusu. Hiyo nusu nayo imechaguliwa na mtu. Faida yake ni kwamba kipimo hakichoki, wala hakijui jibu linalotarajiwa. Pasipo kifaa hicho, mtazamaji awe mmoja, X iwe moja na mwanga uwe uleule, na kila mkolezo upimwe zaidi ya mara moja. Sekunde zikitofautiana sana kwa mkolezo uleule, mtazamaji hajaamua bado anasubiri kivuli au giza.