Kutoka Picha za Ubaoni Hadi Ripoti ya Warsha

Warsha ikimalizika, mwezeshaji hupiga picha ubao na ukuta kwa simu, kisha vikaratasi hubanduliwa na ubao hufutwa. Anayeachiwa kazi ya ripoti hubaki na picha tu, na wengi hukimbilia kuandika muhtasari. Hapo ndipo ripoti inapoharibikia. Kwanza nakili kila kikaratasi neno kwa neno, pamoja na namba ya picha, rangi yake na kundi alimobandikwa. Kisichosomeka andika “hakisomeki”, usikisie.

Tuseme ni warsha ya kamati ya maji ya kijiji, yenye washiriki 12. Kila mmoja amepewa vibandiko vitatu vya duara ili apigie kura matatizo yanayomkera zaidi, na anaruhusiwa kuvibandika vyote mahali pamoja. Chini ya “bomba linavuja shuleni” kuna vibandiko 14. Ukiandika kwamba watu 14 walilichagua tatizo hilo, umezidisha hata idadi ya waliohudhuria. Hizo ni kura 14, na picha haikuambii zimetoka kwa wangapi. Kisha jumlisha za ukuta mzima. Lazima ziwe 36 ikiwa kila mtu alitumia zote. Ukipata 33, huenda kuna kikaratasi kilichofunikwa na kingine, au pembe ya ukuta haikuingia kwenye picha. Mulize mwezeshaji siku hiyohiyo, kabla hajavitupa.

Alama ndogo nazo zina uzito. Kikaratasi kilichoandikwa “Fundi aje Jumatatu?” kina alama ya kuulizia. Ukiiacha, pendekezo la mtu mmoja linageuka azimio la kamati, na Jumatatu watu watamsubiri fundi ambaye hakuna aliyemwita. Ndiyo maana ripoti nzuri hutenga mambo matatu: yaliyopendekezwa, yaliyokubaliwa, na yale anayoyaona mwandishi mwenyewe. Azimio lisilo na jina la mhusika wala tarehe liandikwe hivyohivyo, likiwa na pengo lake. Pengo hilo ni habari kamili kwa mwenyekiti.

Michoro ndiyo migumu zaidi. Ubaoni kuna tangi, mstari mzima hadi zahanati, na mstari wa nukta hadi shuleni. Je, nukta ni bomba linalopangwa kujengwa, au ni lile bovu? Kama hakuna ufunguo wa alama pembeni, muulize aliyechora, kisha eleza kwa sentensi: maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi. Mchoro uliochorwa upya kwa unadhifu bila maelezo haya humpotosha msomaji kuliko picha chafu ya awali, kwa sababu unaonekana umethibitishwa.

Rasimu iwafikie washiriki ndani ya siku mbili, ikiwa na picha zenyewe mwishoni, na uwape tarehe ya mwisho ya kusahihisha.