Ukungu wa Bandia na Nywele Zinazoishinda Simu

Chukua picha ya dada mwenye nywele za afro, amesimama mbele ya mwembe jioni, iliyopigwa kwa simu katika hali ya Portrait. Kwa mtazamo wa kwanza utadhani ni kazi ya kamera kubwa ya studio: uso umetulia, majani nyuma yake yamelainika. Sasa ikuze kwa vidole viwili mpaka ukingo wa nywele ujaze kioo. Upande mmoja, katikati ya nywele, kuna vipande vya majani vinavyoonekana vizuri kabisa, ilhali majani ya jirani yake yana ukungu. Upande mwingine vile vinywele vyepesi vya nje vimetoweka, na kichwa kimebaki na duara safi kana kwamba kimepitishwa wembe. Kasoro hizi mbili zinatoka mahali pamoja.

Kamera kubwa haihitaji kujua mtu ni nani na mti ni upi. Ukungu wake unatokana na upana wa tundu la lenzi. Tuseme dada amesimama mita 1.5 kutoka kwa mpiga picha, na majani yako mita 4.5. Lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8 ina tundu la upana wa milimita 47 hivi. Kila nukta ya mwanga inayotoka kwenye majani inafika pichani ikiwa imetanuka kuwa duara, na duara hilo likipimwa usawa wa uso wa dada linapata theluthi mbili ya upana wa tundu, yaani kama milimita 31. Hilo linakaribia upana wa jicho lake, ndiyo maana majani yanayeyuka na kuwa rangi tupu. Lenzi ya simu nayo huweza kuandikwa f/1.8, lakini kwa kuwa urefu wake wa fokasi ni milimita 4 na kidogo, tundu lake ni kama milimita 2.4 tu. Kwa hesabu ileile duara linakuwa milimita 1.6, na majani yanabaki karibu wazi kama uso. Ukungu unaouona umetiwa baadaye na programu.

Ili iutie, programu inapaswa kujua kila sehemu ya picha iko umbali gani. iPhone 7 Plus ya mwaka 2016 ilitumia lenzi mbili zilizokaa bega kwa bega. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, ufumbe jicho moja kisha jingine: kidole kinahama sana, ukuta wa mbali hauhami sana. Simu inapima kuhama huko, kisha inachora ramani ya umbali. Pixel 2 ya Google, mwaka 2017, ilifanya hivyo kwa lenzi moja ya nyuma, kwa sababu kila pikseli ya kihisi chake iligawanywa nusu mbili, na nusu hizo zinaitazama dunia kupitia pande mbili za lenzi ileile. Nafasi kati ya mitazamo hiyo haifiki hata milimita 2, kwa hiyo kuhama kunakopimwa ni kudogo mno. Wahandisi wake wakaongeza msaada mwingine: programu iliyofundishwa kwa picha nyingi za watu ili itambue umbo la binadamu na kulikata kutoka kwenye mandhari. Simu nyingi za leo huchanganya njia hizi mbili, ramani ya umbali na kinyago cha umbo la mtu.

Kwenye bega au shavu mchanganyiko huo hufanya kazi vizuri. Kwenye nywele mambo yanaharibika, kwanza kwa sababu ya ukubwa. Picha ya pikseli milioni 12 ina kama pikseli 4,000 kwa urefu. Ikiwa imemchukua dada kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa na nafasi kidogo, tuseme mita 1.2, kila pikseli inabeba milimita 0.3 ya kile kilichoko mbele ya kamera. Unywele mmoja una unene wa takriban milimita 0.07. Hauwezi kujaza hata robo ya pikseli. Robo tatu iliyobaki ni jani. Na ramani ya umbali ni hafifu kuliko picha yenyewe, maana kuhama hakupimwi kwa pikseli mojamoja. Simu inalinganisha vidirisha vidogo vya picha, na kidirisha chenye nywele na majani pamoja hupewa umbali mmoja tu.

Kwa hiyo kuuliza kama pikseli hii ni ya nywele au ya mti ni kuuliza swali lisilo na jibu. Ni ya vyote viwili, na wataalamu huiandika hivi:

```
C = αF + (1 − α)B
```

C ni rangi iliyorekodiwa, F ni rangi halisi ya nywele, B ni rangi halisi ya mandhari, na α ni sehemu ya pikseli iliyofunikwa na nywele. Chukua mwangaza peke yake, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Nywele nyeusi ni 30, jani lililopigwa na jua ni 220, na pikseli imesoma 125. Ukifanya hesabu, α ni nusu kamili. Lakini umeipata kwa sababu nimekupa 30 na 220. Simu imepewa 125 peke yake. Huenda ni nusu nywele na nusu jani la jua. Huenda ni jani la kivulini lisilo na unywele wowote. Kitu kimoja kinajulikana, vitatu havijulikani, hivyo simu inakisia kwa kutazama pikseli za jirani. Nyuma pakiwa na ukuta wa rangi moja, B inajulikana papo hapo na makisio huwa mazuri. Majani yenye mianya ya anga hubadilika rangi kila baada ya pikseli chache, na jirani hawezi kumshuhudia jirani.

Simu ikikosea kwa kuipa pikseli yote nywele, rangi ya jani inabaki wazi pale, na ndivyo vile vipande vilivyoganda ndani ya afro. Ikiipa yote mandhari, unywele unafagiliwa pamoja na ukungu, na ndilo duara la wembe. Kuna kosa la tatu linalotokea hata kinyago kikiwa sawa. Ukungu hutengenezwa kwa kuchanganya rangi za pikseli zilizo karibu, na programu isipoziondoa za nywele kwenye mchanganyiko wa majani, weusi unavuja nje na kichwa kinapata kivuli kama moshi. Ikiziondoa, inabaki na pengo ambalo kamera haikuona kilichoko, na inabidi ilijaze kwa kubuni.

Ndiyo maana msuko wa twende kilioni, kofia au mtandio uliofungwa vizuri hutoka safi kwa simu ileile inayoharibu afro: ukingo wake ni mstari mmoja, na pikseli zenye mchanganyiko ni chache. Ukitaka kuchunguza picha yoyote, acha uso. Tazama mwanya kati ya mkono na kiuno, ndani ya hereni ya duara, na nafasi kati ya fremu ya miwani na shavu. Katika lenzi halisi sehemu hizo zina ukungu sawa na mandhari mengine. Tazama pia ardhi: kwa lenzi halisi ukungu unaongezeka polepole kadiri ardhi inavyokwenda mbali na miguu, ilhali kinyago kisicho na ramani nzuri ya umbali huukata ghafla.

Mwaka 2019 Apple ilianza kutengeneza kinyago cha nywele peke yake, kando na cha ngozi na cha meno, na ukingo umekuwa mzuri kuliko ule wa 2016. Hesabu ya α haijabadilika. Mpiga picha bado anaweza kuisaidia simu kwa kumsogeza mtu mbele ya ukuta usio na michoro, wenye rangi iliyo mbali na ya nywele zake. Kama picha imeshapigwa, simu nyingi huhifadhi ramani ya umbali pamoja na picha ya awali, na huruhusu namba ya f kubadilishwa baadaye. Ipandishe kutoka f/1.4 hadi f/4 hivi. Makosa ya kinyago yatabaki palepale, lakini jani lililoganda na jani lililotiwa ukungu yatakaribia kufanana, na mpaka kati yao hautaonekana kwa urahisi.