Neno Lije na Habari Yake

Jumamosi moja walikuja kuniona vijana wanne wanaofanya kazi ya kuongoza wageni katika milima ya Uluguru. Walikuwa wamebeba karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa maandishi ya zamani ya tovuti yao, waliyoyaandika wenyewe. Ya pili ilikuwa maandishi mapya, yaliyotengenezwa na mtaalamu mmoja waliyemlipa. Shida yao ilikuwa moja: wageni wanaofika Morogoro kwa ajili ya milima hiyo wanaletwa na madalali wa Dar es Salaam, na dalali akishakata chake, mwongozaji aliyetoka jasho mlimani anabaki na makombo. Walitaka mgeni awapate wao wenyewe, kwa kuandika maneno machache tu katika simu yake.

Walinijia mimi kwa sababu tangu kituo chetu kianze kuyaweka mazungumzo haya katika tovuti, kazi ya kuyahariri yapate kuonekana na wanaoyatafuta imeniangukia mimi. Nikawaomba wanisomee karatasi ya kwanza kwa sauti. Ilisema hivi:

"Karibu kwetu mji kasoro bahari! Njoo ujionee uumbaji wa Mungu katika milima yetu ya kuvutia. Vijana wetu wachangamfu watakufikisha kileleni na kukurudisha salama. Huko juu hewa ni safi na mandhari haina mfano. Gharama zetu ni nafuu. Karibuni nyote."

Ni maneno mazuri, na yangefaa sana kwenye bango pale stendi ya Msamvu, kwa sababu mtu aliyesimama Msamvu anajua yuko wapi. Lakini mtu aliyekaa Temeke au Mwanza haandiki "milima yetu" katika kisanduku cha kutafutia. Anaandika jina. Katika karatasi ile nzima neno "Morogoro" halikuwamo, wala "Uluguru", wala jina la kilele hata kimoja. Sisi wenyeji tunajua mji kasoro bahari ni upi. Mtambo wa kutafuta, na mgeni anayeutumia, hawalazimiki kujua.

Karatasi ya pili ndiyo iliyonifanya nicheke, kisha nisikitike:

"Kupanda milima ya Uluguru Morogoro ni raha. Ukitaka kupanda milima ya Uluguru Morogoro, sisi ni waongozaji wa kupanda milima ya Uluguru Morogoro. Bei ya kupanda milima ya Uluguru Morogoro ni nafuu. Morningside, Bondwa, maporomoko ya Kinole, Mikumi, Udzungwa, Dar es Salaam, Dodoma."

Kijana aliyekuwa akisoma alipofika mara ya tatu alianza kuona haya mwenyewe. Ningeyasoma maneno yale redioni, wasikilizaji wangedhani mashine imekwama.

Mtindo huu una historia yake. Miaka ya katikati ya 1990, mitambo ya kutafuta ilitegemea mno kuyahesabu maneno yaliyomo katika ukurasa. Aliyelirudia neno mara nyingi alikuwa na nafasi ya kutangulia. Watu wakafikia hata kuyaandika maneno kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili mashine iyaone na msomaji asiyaone. Siku hizo zimepita. Google, ambayo ilianzishwa mwaka 1998 na kuanza kupima pia ni kurasa zipi zinaelekezwa na nyingine, leo inaitaja tabia hiyo waziwazi katika kanuni zake kuwa ni udanganyifu: kurudia neno mpaka lisikike si la kawaida, au kupanga orodha ya miji kwa tamaa ya kuonekana katika kila mmoja. Hata lile fungu la siri la maneno muhimu, ambalo mafundi hulijaza nyuma ya ukurasa, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba hailitumii katika kupanga matokeo.

Lakini hasara kubwa kwa vijana hawa haikutoka kwa mashine. Ilitoka kwa mgeni. Familia moja iliona neno "Kinole" katika ukurasa ule, ikatuma nusu ya malipo, ikaja na watoto ikitaka maporomoko. Kinole iko upande wa mashariki wa milima, hufikiwa kwa barabara nyingine kabisa, na vijana hawa hawaongozi safari za huko. Ilibidi warudishe fedha na waombe radhi. Neno lilikuwa limeitikia wito, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo tulipoanzia kazi. Kwanza tuliiweka kando karatasi ya pili, tukairudia ile ya kwanza, maana ilikuwa na sauti ya watu. Kurekebisha maandishi si kuyafuta. Ni kutafuta mahali ambapo neno lilipaswa kuwapo na halipo.

Pili, tulikusanya maneno ya wanaotafuta, si ya kwetu. Google ina chombo cha bure kiitwacho Search Console. Mwenye tovuti akishathibitisha kwamba ni yake, chombo hicho kinamwonyesha watu waliandika nini hata ukurasa wake ukajitokeza, ulijitokeza mara ngapi, na ulifunguliwa mara ngapi. Maneno ya kuangaliwa kwa makini ni yale ambayo ukurasa unajitokeza mara nyingi na haufunguliwi. Maana yake aghalabu ni kwamba mtu amekuona kwa mbali, lakini hakusoma dalili kwamba unalo analolitaka. Kisha tukafungua ujumbe wa simu wa wageni wao wa zamani, tukaona maswali yaleyale yakirudi: Bondwa ni saa ngapi kwa miguu? Kiingilio ni kiasi gani? Nikija na treni nashukia wapi?

Tatu, tukachagua jambo moja kuu la ukurasa, yaani kupanda milima ya Uluguru, na wenzake watatu tu: Bondwa, kiingilio na treni. Kinole, Mikumi na Dodoma tukayafuta.

Nne ndiyo kazi yenyewe. Nikawaambia wapigie mstari kila "kwetu", "yetu", "huko" na "hapa". Kila neno la namna hiyo ni kiti kitupu ambacho jina linaweza kukalia bila kumsukuma mtu. Hatukuweka jina katika kila kiti. Tuliliweka pale tu ambapo mgeni asiyetufahamu angepotea. Matokeo yake yakawa haya:

"Karibu Morogoro, mji kasoro bahari. Sisi ni vijana wenyeji, na kazi yetu ni kuwaongoza wageni wanaopanda milima ya Uluguru kwa miguu. Safari tunayoipenda zaidi huanzia mjini, hupita Morningside, penye nyumba kongwe ya enzi za Wajerumani, na kuishia kilele cha Bondwa, penye minara ya mawasiliano. Ni safari ya kutwa nzima kwenda na kurudi, kwa hiyo tunaondoka alfajiri. Gharama ni za namna mbili: kiingilio cha hifadhi, ambacho hulipwa TFS, na ujira wa mwongozaji, ambao tunapatana kabla ya kuondoka. Ukija kwa treni kutoka Dar es Salaam, tuambie saa utakayofika, tukupokee stesheni."

Angalia, msikilizaji. "Uluguru" limetajwa mara moja, na linatosha. "Bei" halimo kabisa, lakini "gharama", "kiingilio" na "ujira" yamo, na hakuna hata moja lililowekwa kwa kubadilisha ladha tu. Kiingilio ni fedha ya hifadhi na ujira ni fedha ya mwongozaji; ni mambo mawili, na mgeni asiyeelezwa hugombana mlangoni. "Treni" nalo limeingia kwa sababu tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawaleta watu wengi kutoka Dar es Salaam, na swali lao lina jibu. Hiyo ndiyo kanuni ninayoishika: neno jipya lije na habari yake. Likija peke yake, ni mgeni asiyealikwa.

Jambo jingine ni namna watu wanavyoandika wanapotafuta. Huandika kwa mkato, mathalani "kupanda mlima uluguru bei". Mafundi wengine huubeba mkato huo mzimamzima na kuutia katika sentensi, nayo inakuwa si Kiswahili wala si lugha nyingine. Hakuna haja. Maneno hayalazimiki kuambatana, wala viunganishi havidhuru. Na Kiswahili chetu kina neema yake: panda, kupanda, wanaopanda na wapandaji hukaa kila moja mahali pake bila kuchosha sikio. Tahadhari yangu ni moja tu, kwamba ile namna ambayo watu huiandika zaidi ipate angalau nafasi moja iliyo dhahiri.

Nafasi hiyo ni kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana katika orodha ya matokeo. Cha vijana hawa kilisomeka "Mwanzo". Tukakiandika "Kupanda milima ya Uluguru: safari ya Bondwa kutoka Morogoro". Google huweza kukibadilisha ikiona hakilingani na yaliyomo, ndiyo maana kisiahidi zaidi ya ukurasa wenyewe. Chini ya picha tukaandika kinachoonekana: "Wageni wakipumzika Morningside, njiani kwenda Bondwa." Na palipoandikwa "bonyeza hapa" pakawa "ratiba ya safari ya Bondwa". Anwani ya ukurasa hatukuigusa, maana ukiibadilisha ovyo, wote waliokuwa wakiijua ya zamani wanafika kwenye mlango uliofungwa.

Mwisho, tulisoma tena kwa sauti. Hapa redio imenifundisha jambo ambalo hesabu haikunifundisha. Watu huniuliza ni asilimia ngapi ya maneno inafaa kuwa neno muhimu. Sina asilimia. Ninalo jaribio: liondoe neno unalolishuku, usome sentensi bila hilo. Kama msikilizaji hakupoteza kitu, lilikuwa la ziada. Kama amebaki akiuliza "milima ipi?", lirudishe.

Wajue pia mipaka yake. Mabadiliko hayaonekani kesho. Andika tarehe uliyobadilisha, ngoja majuma kadhaa, kisha linganisha yaleyale maneno katika Search Console. Na maandishi mazuri hayatamshinda dalali ambaye tovuti yake inaelekezwa na wengi. Lakini kwa yule anayeandika hasa "safari ya Bondwa", mwenye habari kamili ana nafasi nzuri, na dalali wa Dar es Salaam aghalabu hajapata kukanyaga Bondwa.

Vijana walipoondoka, yule msomaji aligeuka mlangoni akaniuliza, "Mzee, kwa hiyo 'uumbaji wa Mungu' tumeufuta?" Nikamwambia, rudisheni, chini kabisa, baada ya treni. Mgeni akishajua atafikaje, atakuwa na nafasi ya kuustaajabia.

Tukutane juma lijalo.