Picha na Babu: Maneno ya Kuandika Chini Yake

Sikukuu zikiisha na watu wakirudi mjini, simu zinajaa picha za wajukuu wamekaa na babu au bibi zao kibarazani. Chini ya picha hizo maneno huwa yaleyale: "Kipenzi changu, maktaba inayotembea, Mungu akupe umri mrefu." Dua ni njema, lakini ukiyahamishia maneno hayo kwenye picha ya mzee wa jirani yanakaa vilevile. Hayasemi huyu ni nani, aliishi vipi, wala alimwachia mjukuu neno gani. Picha hiyo ikiokotwa na kitukuu miaka 40 baadaye, atamwona mzee aliyevaa koti na kijana anayecheka, basi.

Maelezo mazuri ya picha ya namna hii yana mambo mawili: kisa kimoja cha mzee na neno moja alilolisema yeye mwenyewe. Hivyo viwili havitenganishwi, kwa kuwa busara ya wazee wetu imetoka kwenye mambo yaliyowapata. Ukiliandika neno ukaacha kisa, msomaji ataliona kama msemo uliookotwa kwenye khanga.

Tuchukue mfano wa kijana ambaye babu yake alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, na sasa anaishi Makambako. Kijana anataka kuweka picha yao wawili. Akimwambia, "Babu, nieleze historia ya maisha yako," atajibiwa, "Ah, mjukuu wangu, tumetoka mbali," na mazungumzo yataishia hapo, maana swali ni pana mno. Wazee husimulia vizuri wanapoulizwa kuhusu kitu: kovu la mkononi, sururu iliyo nyuma ya mlango, au mshahara wa kwanza ulinunua nini. Kijana wetu anauliza, "Shikamoo babu. Hiki kidole kilikatikia wapi?" Hapo babu anafunguka. Simu inarekodi, imewekwa mkekani mahali babu anapoiona, naye ameshaambiwa kwamba anarekodiwa.

Babu anasimulia kazi ya kupasua miamba kati ya Mlimba na Makambako, kipande kilichokuwa kigumu kuliko vyote kwa mahandaki na madaraja yake. Siku moja waliwasha utambi wa baruti, ikakaa kimya. Kibarua mmoja akainuka aende kutazama, msimamizi akamdaka shati. Baada ya muda baruti ikalipuka. Babu anamalizia: "Baruti isipolia, usiikimbilie." Watoto na wajukuu wake wote wanalijua neno hilo, kwa sababu hulirudia kila ugomvi wa nyumbani unaponyamaza ghafla. Lakini wengi wao hawajui lilitoka wapi.

Sasa kuna suala la mwaka. Babu anasema ilikuwa 1968. Wazee wengi hawahesabu kwa kalenda, bali kwa mambo yaliyotokea, kwa hiyo tarehe lazima ipimwe. Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa rasmi Oktoba 1970, na reli ikafika mpaka wa Tanzania na Zambia mwaka 1973. Kwa hiyo 1968 haiwezekani. Kumbishia mzee si adabu, na hakuna haja. Kijana anamuuliza, "Wakati ule baba alikuwa ameshazaliwa?" Babu anajibu, "Alikuwa anatambaa." Cheti cha ubatizo cha baba kinaonyesha alizaliwa 1971. Basi kisa ni cha mwaka 1972 hivi, na neno "hivi" libaki, kwa kuwa hapo hakuna uhakika zaidi.

Njia hii inafaa popote. Ukisikia "kabla ya Uhuru", kwa Tanganyika ni kabla ya Desemba 1961, na kwa Kenya kabla ya Desemba 1963. Bibi wa Unguja akisema "baada ya Mapinduzi", ni baada ya Januari 1964. Vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979. Kisha tafuta mtoto aliyekuwa mgongoni wakati huo, au nyumba iliyokuwa inajengwa, upate mwaka wa karibu zaidi.

Baada ya hapo kijana anaandika:

"'Baruti isipolia, usiikimbilie.' Babu aliyasikia hayo akiwa kibarua wa TAZARA, kati ya Mlimba na Makambako, mwaka 1972 hivi. Utambi uliwashwa, baruti ikakaa kimya. Mwenzake akataka kwenda kutazama, msimamizi akamdaka shati, na baadaye ikalipuka. Mpaka leo, ugomvi ukinyamaza ghafla nyumbani, babu anatuambia tusubiri kwanza. Mimi na babu, Makambako, Desemba 2024."

Humo hamna "shujaa" wala "kipenzi", na heshima haijapungua. Neno la babu limetangulia kwa sababu Instagram huonyesha maneno machache tu ya mwanzo, mengine msomaji huyafungua mwenyewe. Ukianza na salamu na vikopa vitano, watu watapita kabla hawajafika kwenye kisa. Halafu neno limeandikwa kama lilivyotamkwa. Mzee akisema kwa Kihehe, Kidigo au Kiswahili cha Pemba, liandike hivyohivyo na maana yake ifuate. Ukilinyoosha liwe Kiswahili cha shuleni, sauti yake imepotea.

Kabla ya kuituma picha, msomee mzee maneno yote. Kwa kawaida hapo hupatikana marekebisho: jina la kijiji umelikosea, au yule mwenzake ana watoto walio hai na si vyema atajwe. Mzee akisema, "Hili libaki kwetu," libaki. Usiandike tarehe kamili ya kuzaliwa, majina yote matatu wala habari za pensheni yake, kwa kuwa matapeli wa simu hutafuta mambo hayohayo. Utani nao una mipaka yake. Bibi kumwita mjukuu "mume wangu" ni jambo la kawaida kwetu, lakini msomaji wa mbali atashangaa. Ukitaka kuuweka, ongeza neno moja la kuonyesha ni utani.

Kuna kosa jingine linaloonekana baadaye sana. Maneno ya kwenye stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, na picha inayosambaa kutoka simu hadi simu huachana na maelezo yake upesi. Kwa hiyo chapisha nakala moja ya karatasi. Nyuma yake, pembeni, andika kwa penseli laini yenye alama ya 2B jina la kila mmoja, mahali, mwaka na lile neno. Usitumie kalamu ya wino, maana ncha yake huacha mikwaruzo inayotokeza upande wa mbele, na wino huweza kugandia picha ya juu yake. Kama mgongo wa picha ni wa plastiki na penseli haikamati, andika kwenye kipande cha karatasi, ukiweke na picha katika bahasha moja. Ile sauti uliyorekodi nayo mpelekee ndugu mmoja wa kuaminika, isibaki kwenye simu inayoweza kuibwa.

Kama mzee wako yupo, mpigie simu wiki hii, umuulize habari za kitu kimoja tu. Kama ametangulia mbele ya haki, watafute wadogo zake na majirani wa rika lake. Neno alilokuwa akilirudia wanalijua, na huenda wanajua pia lilikotoka.