Skrini Inayosema Kweli Kuhusu Rangi

Picha inayong'aa kwenye skrini lakini ikatoka na giza kwenye karatasi mara nyingi haikuharibiwa na mashine ya kuchapa. Skrini ndiyo iliyokuwa na mwanga kupita kiasi. Kalorimita hulipima jambo hilo. Skrini huachwa ikiwaka nusu saa, kifaa hulazwa juu ya kioo, kisha programu huonyesha rangi moja moja na kuisoma. Mwangaza hupunguzwa kwa vitufe vya skrini hadi kandela 100 hivi kwa mita ya mraba, na weupe huwekwa kwenye kelvini 6500. Baada ya hapo ndipo faili la profaili huandikwa.

Profaili haiongezi rangi ambazo skrini haina, wala haigusi picha yenyewe. Huiambia tu programu ya picha jinsi skrini hiyo inavyoonyesha rangi, ili irekebishe kinachoonekana. Karatasi na wino vina profaili yao, ambayo kalorimita ya skrini haiwezi kuitengeneza. Huombwa kwa mchapaji. Ikitumiwa kuonyesha mfano wa chapa, buluu kali hufifia papo hapo, kwa sababu wino hauifikii. Taa ya skrini huchakaa, hivyo wengi hurudia kipimo kila mwezi.